Uji wa soya, mafukuto na mifupa baada ya hedhi kukoma

"Shikamoo dada. Nina miaka 52, hedhi imekoma miezi 14 iliyopita. Joto linanipanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni, na usiku naamka kanga imelowa. Niliambiwa soya inatuliza, nikaanza kunywa uji wa lishe wenye soya, vikombe viwili kila asubuhi pamoja na chapati, huu mwezi wa tatu. Unga wangu ni kilo tano, soya ndani yake nusu kilo. Uji natia sukari vijiko vitatu kila kikombe, na chai ya maziwa vikombe viwili, vijiko viwili viwili. Mchana ugali na mchicha, usiku wali maharage. Joto liko palepale, ila kiuno kimenenepa, nimetoka kilo 68 hadi 74 ndani ya miaka mitatu. Marehemu mama alivunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni, kwa hiyo naogopa na mifupa. Soya inasaidia kweli au nimejidanganya? Mama wa watoto watatu, Morogoro."

Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umenipa vipimo. Basi tuanze na huo uji, maana jibu la nusu ya swali lako limo humo humo.

Kilo tano za unga, soya nusu kilo: soya ni sehemu moja katika kumi. Kikombe kimoja cha uji mzito hula unga wa gramu 40 hivi, kwa hiyo soya iliyomo ni gramu nne, chini ya kijiko kimoja cha mezani. Kinachodhaniwa kutuliza joto ndani ya soya ni kundi la kemikali za mmea ziitwazo isoflavoni. Unga wa soya una isoflavoni kama miligramu 150 kwa kila gramu 100, inategemea mbegu na namna ulivyoandaliwa. Gramu zako nne zinakupa miligramu sita. Vikombe viwili, kumi na mbili. Majaribio yaliyoona nafuu yalitumia miligramu 40 hadi 80 kwa siku. Ungehitaji vikombe saba ili ufike kwenye mlango tu wa kiwango hicho, na sukari ya vikombe saba sitaki hata kuihesabu. Kwa hiyo usiseme umejaribu soya ikashindwa. Ulichojaribu ni unga wa mahindi na ulezi ulionusishwa soya.

Sasa, ukila soya ya kutosha, joto litapungua? Huenda, na kwa kiasi. Nikueleze kwa nini sisemi ndiyo moja kwa moja.

Katika ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili lisipande wala kushuka. Estrojeni, homoni ya kike, huzituliza seli za sehemu hiyo. Homoni ikishuka, seli zinakuwa na wasiwasi: joto likipanda kidogo sana, kiasi ambacho zamani usingekihisi, zinaona kama mwili unaungua. Zinafungua mishipa ya ngozi, damu inakimbilia kifuani na usoni, jasho linatoka, kisha unabaki unatetemeka kwa baridi. Isoflavoni zina umbo linalofanana na estrojeni na huweza kushika pale pale inaposhika estrojeni, lakini nguvu yake ni ndogo sana. Tena kuna jambo la tumbo. Bakteria wa utumbo wa baadhi ya watu huigeuza isoflavoni moja kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi, kiitwacho ikwoli. Huko Japani takriban nusu ya watu wana bakteria hao. Ulaya na Marekani ni kama robo hadi theluthi. Ndiyo maana mama mmoja atakuapia kwamba soya imemponya, na jirani yake aliyekula sufuria hiyo hiyo asione kitu.

Mwaka 2012 majaribio ya vidonge vya isoflavoni yalikusanywa na kuhesabiwa pamoja. Waliovitumia walipungukiwa na mafukuto kwa karibu asilimia 20 zaidi ya waliopewa vidonge bandia. Maana yake, mtu wa mafukuto kumi kwa siku anaondokewa na mawili juu ya yale ambayo yangepungua yenyewe. Na majaribio yaliyozidi wiki 12 yalionyesha nafuu kubwa kuliko ya wiki chache. Soya si panado.

Halafu kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 ambao pengine ndio uliokufikia kwa njia ya simu, maana ulisambaa sana. Wanawake walikula vyakula vya mimea tupu, mafuta kidogo, na kila siku nusu kikombe cha soya nzima iliyochemshwa. Baada ya wiki 12 mafukuto yao ya kati na makali yalipungua kwa asilimia 84. Wanaosambaza habari hii huishia hapo. Kundi la pili, ambalo halikubadilisha chakula chochote, nalo lilipungukiwa kwa asilimia 42. Wanawake wenyewe hawakufika 40, na wale wa kundi la kwanza walipungua uzito pia, kwa hiyo huwezi kujua sifa umpe nani: soya, mafuta yaliyopunguzwa, au kilo zilizotoka. Chama cha Marekani cha wataalamu wa ukomo wa hedhi kilipopitia ushahidi wote mwaka 2023, hakikuiweka soya katika orodha ya tiba kinazopendekeza kwa mafukuto. Kupungua uzito kumo katika orodha hiyo.

Mimi ningekuambia ujaribu, kwa sababu soya ni chakula, si dawa, na hata ikishindwa kutuliza joto itakufaa kwa jambo jingine nitakalolifikia. Lakini ujaribu kiukweli: nusu kikombe cha soya nzima iliyoiva, kila siku, wiki 12. Hiyo ni kama gramu 86, inatokana na soya kavu gramu 35 hadi 40, kwa hiyo nusu kilo ya soya itakusogeza kama wiki mbili.

Ipike hivi. Chambua, osha, loweka usiku kucha kwa maji mengi maana inavimba zaidi ya mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo. Chemsha maji mapya mpaka yatokote, ndipo uitumbukize soya. Usiiweke kwenye maji baridi wala usiisage mbichi, kwa sababu ile harufu ya ubichi inayowakimbiza watu hutengenezwa soya inapopondwa kabla haijapata moto. Baada ya dakika kumi ipua, isugue kwa viganja, maganda yaelee uyaondoe. Rudisha jikoni mpaka punje ibonyezeke kati ya vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu. Kwa sufuria ya kawaida ni saa moja na nusu hivi, kwa presha kuka ni nusu saa. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na utakijua kwa gesi na kuharisha. Ikishaiva iunge kama maharage, kwa kitunguu, nyanya na karoti, au ikaushe chumvi uitafune. Ya siku nne inakaa kwenye friji.

Maziwa ya soya nayo yanafaa yakiwa hayana sukari, glasi mbili kwa siku. Ile nyama ya soya ya pakiti ina protini nzuri, ila isoflavoni hutegemea ilivyotengenezwa na nyingine huoshwa kiwandani zikaondoka, kwa hiyo usiihesabu. Vidonge vya soya vya kwenye mitandao viache. Na kama unatumia dawa ya homoni ya tezi la shingo, itenganishe na soya kwa saa nne, maana soya huzuia dawa hiyo kufyonzwa. Kuhusu saratani ya matiti, hofu ambayo naulizwa kila wiki, soya ya chakula kwa kiasi hiki haijaonekana kuiongeza. Aliyeko kwenye matibabu azungumze na daktari wake kabla ya vidonge vya aina yoyote.

Tafuta daftari. Wiki moja kabla hujaanza, piga mstari kwa kila fukuto, mchana upande huu, usiku upande huu, na weka nyota kwenye lile lililokulazimisha kuacha unachofanya. Rudia kuhesabu wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili. Bila daftari hutajua, kwa sababu mafukuto hupanda na kushuka yenyewe na kumbukumbu yetu hufuata matumaini. Kama ulianza na 70 kwa wiki ukafika 60, soya haikukufaa, ni mtikisiko wa kawaida. Ukifika 40, endelea nayo.

Kwenye mifupa sasa, na hapa soya isikudanganye kabisa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa Miami: wanawake 248 walio katika miaka mitano ya mwanzo baada ya kukoma hedhi, nusu yao wakipewa isoflavoni miligramu 200 kila siku kwa miaka miwili. Hicho ni kiwango ambacho hutakifikia kwa chakula. Mifupa ya uti wa mgongo na nyonga ilipungua sawasawa na ya wale waliopewa vidonge bandia. Cha ajabu zaidi, mwisho wa utafiti waliolalamikia mafukuto kwenye kundi la soya walikuwa asilimia 48, kwenye kundi jingine asilimia 32.

Mfupa hubomolewa na kujengwa maisha yote, na estrojeni ndiyo inayowashika mkono wabomoaji. Ikiondoka, kasi ya kubomoa inaipita ya kujenga. Kipindi kibaya kinaanzia kama mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho mpaka miaka miwili baada yake, ambapo uti wa mgongo unaweza kupoteza karibu asilimia 2 kila mwaka, kisha kasi inapoa. Wewe uko katikati yake leo. Chakula hakiwezi kusimamisha upotevu huo. Kinachoweza kufanya ni kuhakikisha mwili haulazimiki kukopa zaidi kutoka kwenye mfupa kwa sababu damu imekosa kalsiamu.

Kwa umri wako Wamarekani wanataka miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, Waingereza wanatosheka na 700. Mimi huwaambia watu walenge 1,000 wasigombane na vitabu. Mlo wako ulioniandikia haufiki 400, nikihesabu na maziwa ya kwenye chai. Najua utaniuliza: na mchicha je? Nami kwa miaka mingi niliufundisha mchicha kama chanzo cha kalsiamu, mpaka niliposoma vizuri nikaona aibu. Kalsiamu imo ndani, ukipima maabara utaiona, lakini imeshikwa na asidi ya oksaliki, ile inayofanya meno yakwaruze ukila mchicha mwingi. Sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Sukuma wiki haina tatizo hilo na kalsiamu yake huingia vizuri, karibu sawa na ya maziwa. Mchicha uule kwa mengine yake, ila ubadilishane na sukuma, siku hii kwa siku ile.

Vyanzo vyako viwili vikubwa ni maziwa na dagaa. Glasi ya maziwa ya robo lita ina miligramu 300, na mgando ni vilevile. Kama maziwa freshi yanakusumbua tumbo, na wengi wetu ukubwani yanatusumbua, mgando utavumilika kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari inayoleta shida. Dagaa wana kalsiamu kwa sababu tunawatafuna na mifupa yao. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu, gramu 30, kinakupa miligramu mia kadhaa pamoja na protini ya nusu kipande cha kuku. Usiwapasue ukatupa mwiba wa katikati, hapo utakuwa umetupa chenyewe. Wa ziwani waliokaushwa juani hawana chumvi nyingi. Wale wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke kwanza. Vidonge vya kalsiamu ni vya asiyeweza kula hivi, na asizidishe miligramu 500 kwa mara moja, maana zaidi ya hapo mwili haufyonzi vizuri. Jua nalo unalihitaji mikononi na miguuni kwa ajili ya vitamini D, hasa kama unashinda ofisini au unajifunika mwili mzima.

Habari ya marehemu mama usiiache nyumbani. Mzazi aliyevunjika nyonga ni moja ya mambo ambayo madaktari huyahesabu wanapokadiria hatari ya mtoto. Mwambie daktari, muulize kama unastahili kipimo cha wingi wa mifupa kiitwacho deksa. Kinapatikana katika hospitali chache kubwa, kwa hiyo panga safari. Na hapo hapo ulizia tiba ya homoni. Mpaka leo hakuna kitu kinachotuliza mafukuto kuliko hiyo, inalinda na mifupa, na faida yake huwa kubwa kuliko hatari kwa wenye umri chini ya miaka 60 ambao hawajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, wasio na historia ya saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ugonjwa wa moyo. Si lazima uitake. Lakini usiikose kwa sababu tu hakuna aliyekutajia.

Kilo sita zako, kwa haki, si zote ni za ukomo wa hedhi. Uzito wa jumla hupanda kwa sababu ya umri na misuli inayopungua: misuli ikipungua, mwili unatumia nguvu kidogo, na sahani ni ile ile. Kilichobadilishwa na homoni ni mahali mafuta yanapokaa. Zamani yalikwenda kwenye mapaja na makalio, sasa yanakwenda tumboni, mengine ndani kabisa yakiyazunguka maini na utumbo. Kwa hiyo nyama uzembe unayoishika kwa vidole ndiyo adui mdogo, mkubwa humshiki. Chukua futi ya fundi cherehani, tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, zungusha katikati yake ukiwa umetoa pumzi, usivute tumbo. Sentimeta 80 ni alama ya kuanza kuangalia, 88 ni alama ya kupima sukari na presha.

Rudi kwenye meza yako. Vijiko vya sukari ni sita kwenye uji na vinne kwenye chai, jumla kumi, ambayo ni gramu 40 vikiwa vya kufuta, kalori 160. Chapati inaongeza 250 hivi. Protini ya siku nzima nimeihesabu haizidi gramu 50, na nyingi imekuja na wanga. Kwa uzito wako unahitaji karibu 75 ili misuli isiendelee kuyeyuka. Basi asubuhi toa kikombe kimoja cha uji na chapati, weka ile nusu kikombe ya soya: hapo una gramu 15 za protini, kalori 150 tu. Kunywa glasi ya mgando. Uji uliobaki usiutie sukari, ukishindwa ponda ndizi mbivu nusu. Mchana ugali upungue theluthi, na dagaa pamoja na sukuma. Usiku wali kikombe kimoja badala ya sahani, maharage yaongezeke, na glasi ya pili ya mgando. Nimepiga hesabu: protini inafika 75, kalsiamu inavuka 1,000.

Usijinyime zaidi ya hapo. Anayepungua haraka, kilo tano kwa mwezi kwa maji ya ndimu na matunda, anapoteza misuli na mfupa pamoja na mafuta, na kwa hali yako hiyo ni biashara ya hasara. Kilo moja au mbili kwa mwezi inatosha. Utafiti mkubwa wa WHI huko Marekani, uliowafuata wanawake zaidi ya 17,000 wenye mafukuto na wasio nayo, uliona kwamba waliopungua kilo nne na nusu au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa wa mafukuto yao kuisha ndani ya mwaka. Beba pia kitu kizito mara mbili kwa wiki, ndoo ya maji ukiinyanyua kutoka chini kwa miguu na si kwa mgongo, au kuinuka kitini bila kushika mikono mara kumi, ukipumzika, mara tatu. Kutembea sokoni ni kuzuri kwa moyo, ila mfupa hauoni mzigo wa kutosha.

Usihesabu kila jasho la usiku kuwa ni ukomo wa hedhi. Kama jasho linakuja na kikohozi cha wiki mbili, homa, au uzito unaoshuka wenyewe, nenda ukapimwe kifua kikuu na tezi kabla ya kununua soya. Na damu ikitoka tena hata tone, baada ya hiyo miezi 14, hiyo ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo.

Anza daftari Jumatatu, soya Jumatatu inayofuata. Nusu kilo uliyokuwa ukiipeleka mashineni ichemshe, na unga wa lishe uliobaki wape wajukuu kama wapo, wao wanahitaji kunenepa.